Tangazo langu la dagaa linasomeka kama hotuba

Shikamoo Mama Mhariri,

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Dodoma, huu ni mwaka wa nne. Mzigo naupata Kigoma kwa shemeji yangu, ambaye huwaanika dagaa wake juu ya vichanja na hawamwagi mchangani kama wanavyofanya wengine, kwa hiyo mteja akiwaloweka kwenye bakuli haoni chembe ya mchanga chini. Mzigo hukatika siku za mbalamwezi, maana wavuvi hawaingii ziwani.

Dukani nauza vizuri. Shida yangu ni matangazo ninayoandika kwenye ukurasa wangu wa biashara. Nakaa saa nzima nikitafuta maneno mazuri, lakini watu wanapita tu, na juzi mteja wangu wa siku nyingi akaniuliza nimeyanakili wapi. Sikunakili popote, niliandika mwenyewe, na swali lile liliniuma. Tangazo lenyewe ni hili:

“Katika ulimwengu wa leo unaokwenda kwa kasi, suala zima la lishe bora limekuwa ni la muhimu sana kwa kila mmoja wetu. Linapokuja suala la dagaa, ubora ni kitu cha msingi ambacho hakipaswi kupuuzwa kwa namna moja au nyingine. Sisi tunajivunia kuwa suluhisho lako la uhakika kwa kukuletea dagaa wenye ubora wa hali ya juu kutoka Kigoma. Dagaa wetu si tu kwamba ni watamu, bali pia wameandaliwa katika mazingira safi na salama. Tumekuwa tukifanya usambazaji wa bidhaa zetu kwa wateja mbalimbali ili waweze kufurahia ladha halisi. Mwisho wa siku, afya yako ndiyo kipaumbele chetu. Usisite kuwasiliana nasi leo!”

Naomba unionyeshe ni wapi panapokauka na namna ya kuparekebisha bila kuandika kihuni, kwa sababu wateja wangu wengi ni watu wazima ninaowaheshimu.

Muuza dagaa, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla sijafika kwenye tangazo, nilisimama kwenye lile bakuli. Niliona maji, nikaona dagaa wanaelea, nikainama pamoja na mteja wako kutazama kama kuna mchanga uliotuama chini. Kisha nikasoma tangazo, na humo bakuli halimo. Shemeji yako hayumo, vichanja havimo, mbalamwezi haimo, wala bei, wala mahali unapopatikana. Aya ya kwanza ya barua yako na tangazo lako vimeandikwa na mtu mmoja, lakini ulipokuwa ukiniandikia mimi ulikuwa unazungumza na mtu, na ulipofika kwenye tangazo ukajiona umesimama mbele ya hadhara, ukaona lazima uhutubie. Kwa sababu hiyo kazi iliyo mbele yetu ni ndogo kuliko unavyodhani. Maneno mazuri uliyoyatafuta saa nzima unayo tayari, yako kwenye barua, na tutakachofanya ni kuyahamishia mahali palipokaliwa na maneno ya hotuba.

Tuanze na jaribio moja ambalo nimelitumia miaka mingi katika kazi ya uhariri. Chukua sentensi, ondoa jina la bidhaa yako, weka bidhaa ya mtu mwingine, kisha uone kama sentensi itasimama. Sentensi yako ya kwanza inazungumzia lishe bora. Weka “makazi bora” na muuza saruji anaweza kuitumia leo hii bila kugusa neno jingine. Ya pili inahusu dagaa, lakini ukiweka “viatu” hakuna kitakachoharibika. Ya tatu inamfaa muuza magodoro, ya tano inamfaa mwenye ghala la soda, na ya sita inafaa kubandikwa kwenye mlango wa duka la dawa. Sentensi ziko saba, na katika hizo saba maneno ambayo ni yako peke yako, ambayo jirani yako sokoni hawezi kuyachukua, ni “dagaa” na “kutoka Kigoma”. Mteja wako wa siku nyingi hakujua kulieleza jambo hili, ndiyo maana akauliza umeyanakili wapi. Aliona maneno yasiyo na mwenyewe, akadhani yameokotwa.

Ufunguzi wa “katika ulimwengu wa leo unaokwenda kwa kasi” nadhani najua ulikotoka. Shuleni tulifundishwa kwamba insha ina utangulizi, kiini na hitimisho, na wengi wetu tukaelewa kwamba utangulizi ni mahali pa kusema jambo pana ambalo hakuna anayeweza kulipinga, ili msomaji ajiandae. Mwalimu alikuwa analipwa kusoma hadi mwisho, lakini mteja anayepitisha kidole kwenye simu huku anasubiri daladala halipwi na mtu, na ukimwanzishia na ulimwengu mzima ataondoka kabla hujafika Kigoma. Nilipoanza kazi hii, mhariri aliyenilea alikuwa na mkasi wa namna moja. Alikuwa akipokea habari yangu, anaweka kidole kwenye aya ya kwanza, anakishusha taratibu mpaka kwenye sentensi ya kwanza yenye mtu anayefanya kitu, kisha anachora mstari mwekundu juu yake na kuandika pembeni: “Anza hapa.” Mara nyingi ilikuwa aya ya tatu. Aya mbili zilizotangulia zilikuwa ni mimi ninakohoa kusafisha koo. Ukimpa mhariri yule tangazo lako, kidole chake kingeshuka hadi chini kabisa na kutoka nje ya karatasi, kwa kuwa humo hakuna anayevua, anayeanika wala anayepakia, na hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Sasa twende kwenye “ubora”. Neno hili umelitumia mara mbili, na mara ya pili umelipandisha cheo ukaliita “ubora wa hali ya juu”. Ninachokuomba ni ukae na neno hilo na kuliuliza swali lile lile hadi lichoke: ubora gani, na mteja atauona wapi? Utajibu kwamba dagaa wako ni safi. Safi vipi? Hawana mchanga. Kwa nini hawana? Kwa sababu walianikwa juu ya kichanja. Nitajuaje kwamba ni kweli? Waloweke kwenye bakuli utazame chini. Sasa umefika mahali ambapo jicho linaona na mkono unagusa, na hapo uache kuuliza, uandike. Neno “ubora” linaondoka bila kulifukuza, kwa maana aliyeona bakuli lisilo na mchanga hahitaji kuambiwa kwamba dagaa ni bora. Kuna ushahidi mwingine pia ambao unaufahamu kuliko mimi. Dagaa waliokauka vizuri kwa jua hubaki na mng’ao wa fedha na huvunjika ukiwakunja, ilhali walionyeshewa wakiwa kichanjani hugeuka rangi kuelekea manjano na kahawia, na huanza kunuka mafuta yaliyochacha. Mnunuzi mzoefu anazijua dalili hizo na huzitafuta kwa macho. Ukizitaja, atajua kwamba anayeandika ni mtu aliyewahi kuingiza mkono ndani ya gunia la dagaa.

Jambo la tatu ndilo ningependa tulikalie zaidi, kwa sababu linahusu Kiswahili chenyewe. Tazama maneno haya: “tumekuwa tukifanya usambazaji wa bidhaa zetu”. Kitendo kimefungiwa ndani ya jina, “usambazaji”, na kwa kuwa jina haliwezi kutembea lenyewe, umelazimika kulitafutia wabebaji wawili, “tumekuwa” na “tukifanya”. Kiswahili hakihitaji wabebaji hao. Kitenzi chetu kimebeba kila kitu ndani ya neno moja: nani, lini, kwa nani, na tendo lenyewe. “Tunawapelekea” ni neno moja, na ndani yake mna sisi, mna wakati, mna wao, na mna safari. Kila unapokuta “kufanya” imefuatwa na jina la kitendo, kama vile kufanya usambazaji, kufanya malipo, kufanya ununuzi au kufanya mawasiliano, mtoe mfungwa huyo kifungoni: peleka, lipa, nunua, ongea. Vivyo hivyo kwa “suala zima la” na “zoezi la”, ambayo mara nyingi ni makasha yasiyo na kitu ndani. “Suala zima la lishe bora” likifunguliwa linabaki “lishe bora”, na hakuna kilichopotea.

Ndugu wa kosa hilo ni “kuweza”. Umeandika “ili waweze kufurahia”. Umbo la “wafurahie”, lile linaloishia na e, limeumbwa kubeba nia na kusudi, kwa hiyo “ili wafurahie” imekwisha kusema yote, na “waweze” ni mtu wa pili anayeshika mzigo ambao wa kwanza ameubeba bila shida. Liache “kuweza” mahali ambapo uwezo wenyewe ndio habari, kwa mfano: “Sasa naweza kuleta hadi Nkuhungu kwa kuwa nimepata bodaboda wa kudumu.” Hapo neno lina kazi, kwa kuwa zamani hukuweza. Na “limekuwa ni la muhimu” ina vitenzi viwili vya kuwa vilivyokaa kwenye kiti kimoja. Kimoja kinatosha, ingawa katika tangazo lako hata hicho kimoja hakitabaki, kwa sababu sentensi nzima inaondoka.

Kuna maneno mengine ambayo ukiyatazama kwa jicho la Kiswahili utaona kwamba yana mavazi yetu lakini mwendo si wetu. Mwisho wa siku, kwa mtu aliyekulia katika lugha hii, ni magharibi, jua linapozama na maduka yanapofungwa. Ukimwambia bibi yako kwamba mwisho wa siku afya yake ndiyo kipaumbele, atashangaa kwa nini asubuhi ulikuwa humjali. “Linapokuja suala la” nayo ni ngeni. Kwetu suala huzuka au huulizwa, na mtu akitaka kubadili mazungumzo husema “tukija kwenye dagaa”, au husema tu “dagaa, je?” Kuhusu “suluhisho”, nalisikia humo neno kusuluhisha, yaani kukalisha chini mke na mume waliogombana hadi wapatane. Linafaa kwa tatizo la kweli lililokuwepo. Mteja wako hakuwa na tatizo, alikuwa na hamu ya dagaa wa kukaanga na ugali. Namna hizi za kusema huingia kwa njia ya ripoti na hotuba zilizotafsiriwa kwa haraka, tunazisikia redioni na kwenye semina, na baada ya muda mikono huziandika yenyewe. Huna kosa kuzichukua, lakini ukizitambua zitakukera kila utakapozikuta.

Ningependa pia nikutahadharishe usiende mbali kupita kiasi. “Si tu… bali pia” ni Kiswahili halali na mimi huitumia. Kasoro yake katika tangazo lako ni kwamba inafaa pale nusu ya kwanza inapokuwa jambo ambalo msomaji angedhani limekwisha hapo, kisha nusu ya pili ikamwongezea asilolitarajia. Wewe umesema ni watamu, na kisha wameandaliwa katika mazingira safi na salama. Mazingira gani? Tumerudi kwenye kichanja. Muundo ulikuwa mzuri lakini hukuupa cha kubeba.

Ukishafuta yote hayo utapatwa na tatizo jipya, na nakueleza mapema ili usidhani umekosea. Sentensi zitakazobaki zitakuwa fupi na zitagongana kama masufuria ndani ya kapu. Waandishi wengi wakifika hapo huingiwa na hofu na kurudisha “aidha”, “halikadhalika” na “ni muhimu kutambua kwamba” ili kuziba nyufa. Usifanye hivyo. Viungo vya kweli vya mazungumzo yetu ni “kwa hiyo”, “lakini”, “maana” na “basi”, na vinatosha, kwa sababu kila kimoja kinaonyesha jambo moja linavyozaa jingine. Na ukisimulia kilichotokea, unayo “ka”, ambayo ni gundi bora kuliko neno lolote la kuunganisha: dagaa walivuliwa usiku, wakaanikwa asubuhi, wakapakiwa walipokauka, wakafika jana. Hakuna “kisha”, hakuna “baada ya hapo”, na bado msomaji hajapoteza njia.

Basi nimeliandika tangazo lako upya, nikitumia yale uliyoniambia wewe mwenyewe. Nimedhani kwamba mzigo umefika jana, kwamba mbalamwezi iko karibu, na saa za duka nimezikisia. Kama si hivyo, badilisha. Bei na mahali nimeviacha wazi kwa kuwa sivijui, navyo uvijaze kwa tarakimu na kwa jina la mtaa.

“Habari za asubuhi. Dagaa wa Kigoma wamefika jana jioni. Wamevuliwa Ziwa Tanganyika na kuanikwa juu ya vichanja, hawakugusa mchanga, kwa hiyo huna haja ya kuwaosha maji matatu. Ukiwa na wasiwasi, njoo uwaloweke kwenye bakuli hapa hapa dukani kabla hujalipa, utazame chini. Kilo moja ni shilingi …, nusu kilo shilingi …. Wiki ijayo ni mbalamwezi na wavuvi hawataingia ziwani, kwa hiyo mzigo mwingine utachelewa kidogo. Anayependa kuweka akiba achukue wiki hii. Nipo … kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Asiyeweza kufika anipigie, nitamwekea au nitampelekea.”

Ukiyahesabu utaona kwamba maneno hayakupungua. Wengi hudhani dawa ya maandishi makavu ni kufupisha, na mara nyingine ni kweli, lakini hapa tumeondoa na kuweka. Rudi sasa kwenye jaribio la kwanza na ulitumie kwa tangazo hili. Muuza viatu hawezi kuloweka viatu vyake kwenye bakuli. Muuza saruji hana habari na mbalamwezi. Hata muuza dagaa wa Mwanza akitaka kulichukua itambidi alibadilishe, kwa kuwa ziwa lake ni jingine na samaki wake ni wa jamii nyingine, na mteja anayewajua wote wawili hawezi kudanganywa. Zingatia vilevile ile sentensi ya mbalamwezi. Katika tangazo la kwanza uliandika “kuwasiliana nasi leo” bila kusema kwa nini iwe leo, na “usisite” ilimtuhumu mteja kwa kusita ambako hakukufanya. Sasa anayo sababu ya kuja wiki hii, sababu hiyo imetoka angani na ziwani, na anaweza kuihakiki kwa kutoka nje usiku na kutazama juu.

Kwa sababu hiyo hiyo, ukweli wa kila sentensi unakuwa mzigo wako kuliko ulivyokuwa zamani. “Ubora wa hali ya juu” hakuna anayeweza kukukamata nao, lakini “hawakugusa mchanga” ni ahadi ambayo bakuli litaihukumu. Kama mwezi fulani shemeji yako amekosa mzigo na umechukua kwa mtu mwingine usiyemjua, sentensi ya vichanja usiiandike mwezi huo. Kama mvua iliwapata wakiwa nje na rangi imebadilika, waambie, na ushushe bei. Nimewaona watu ambao wakishajua kwamba maelezo mahususi yanavutia huanza kuyatunga. Huleta hadithi ya bibi aliyewafundisha kuanika dagaa ilhali bibi mwenyewe hakuwahi kuliona ziwa. Maneno ya aina hiyo ni makavu kuliko hotuba, na yana madhara zaidi. Pale usipokuwa na jambo la kweli la kuweka mahali pa sentensi uliyoifuta, paache patupu. Tangazo la sentensi tatu, lenye siku ya mzigo, bei na mahali, linatosha kabisa.

Umesema unaogopa kuandika kihuni, na nafurahi kwamba umeogopa, kwa maana hilo ndilo shimo la upande wa pili wa barabara. Wapo wanaodhani kwamba kinyume cha hotuba ni lugha ya kijiweni, wakajaza “wana” na “kinoma” na alama za mshangao tatu tatu. Kama hivyo ndivyo unavyozungumza na wateja wako dukani, sawa. Lakini wewe husemi hivyo. Mama wa makamo akiingia dukani kwako unamwamkia, unamkaribisha, kisha unamwonyesha mzigo. Andika kwa mpangilio huo huo. Nimekuwekea “habari za asubuhi” kwa makusudi, ingawa haina habari yoyote ya dagaa na ingeshindwa jaribio langu la muuza viatu. Salamu kwetu ina kazi yake, ambayo ni kumheshimu mtu kabla ya kumuuzia, na kuikata kwa ajili ya kuokoa maneno matatu ni kukosa adabu. Kuna kanuni nyingine za namna hiyo ambazo si makapi hata kama zinajirudia. Tangazo la msiba huanza “kwa masikitiko makubwa”, na barua ya kiofisi huanza “husika na kichwa cha habari hapo juu”, na hakuna anayemtaka mfiwa au karani abuni maneno mapya. Huko watu wote wamekubaliana na maneno hayo na wanayatarajia. “Ulimwengu wa leo unaokwenda kwa kasi” hakuna aliyekubaliana nao, umeingia tu na kuketi.

Kuhusu saa nzima unayoitumia, nina pendekezo. Badala ya kuketi mbele ya ukurasa mtupu, chukua simu siku mzigo unapofika, umtumie dada yako au rafiki yako ujumbe wa sauti ukimweleza mzigo umefikaje: umefika lini, uko namna gani, kitu gani kimekufurahisha au kukuudhi, na lini utakuja mwingine. Usimwambie kwamba ni kwa ajili ya tangazo. Baada ya hapo usikilize tena na uandike uliyoyasema, ukiondoa yale ya siri ya nyumbani na yale uliyorudia. Utashangaa kuona kwamba hukusema “suala zima” hata mara moja, kwa sababu kinywa hakina subira na maneno hayo kikiwa kinazungumza na mtu kinayempenda.

Ukishamaliza, lisome tangazo kwa sauti ukiwa umesimama, ukimwelekea mtu, hata akiwa mtoto anayechambua dagaa pembeni. Yapo maneno ambayo macho huyapita lakini ulimi hukataa. Utakapofika mahali ukasikia sauti yako imebadilika na kuwa ya mtangazaji, au ukaona haya kidogo kulisema neno hilo mbele ya mtu anayekujua, tia alama hapo na uulize kama kawaida: nilitaka kumwambia nini hasa? Jibu litakalokutoka mdomoni ndilo uandike. Mara za mwanzo utatia alama tano au sita. Mkono wako, kwa kuwa umezoea hotuba, utairudisha “mwisho wa siku” hata baada ya kuifuta, na pengine utaikuta imejificha kwenye sentensi ya mwisho kabisa, kwa sababu hapo ndipo mtu huhisi lazima afunge kwa kishindo. Tangazo lako jipya linafungwa na ahadi ya kumwekea au kumpelekea mteja mzigo wake. Liache hivyo.

Na yule mteja wa siku nyingi, usimjibu kwa kujitetea kuhusu lile la zamani. Mpelekee hili jipya kabla hujalibandika kwa wengine, na umuulize kama kuna jambo la mzigo ambalo angependa kulijua na wewe hukulitaja. Huenda akakuuliza kama dagaa hao ni wadogo au wakubwa, au kama vichwa vimetolewa, na hilo litakuwa sentensi yako ya wiki ijayo.